Hasira ya Hasara na Hofu ya Kupitwa: Kanuni za Maandishi kwa Mwekezaji Mdogo

Mwekezaji anayenunua na kuuza sarafu au hisa kwa simu yake hukabiliwa na hatari za aina mbili. Ya kwanza hutoka sokoni: bei hupanda na kushuka, na hakuna awezaye kuiamuru. Ya pili hutoka kwake mwenyewe, nayo huanza pale anapofanya jambo ambalo asubuhi yake, akiwa ametulia, asingelikubali. Sura hii inahusu hatari ya pili. Inaeleza mitego miwili inayowapata wateja wengi, yaani biashara ya kulipiza kisasi na hofu ya kupitwa, kisha inaonyesha namna ukurasa mmoja wa kanuni zilizoandikwa unavyoweza kupunguza madhara yake.

Biashara ya kulipiza kisasi ni ile inayofunguliwa mara tu baada ya hasara kwa shabaha ya kuirudisha fedha iliyopotea, si kwa sababu soko limetoa nafasi mpya. Hofu ya kupitwa ni msukumo wa kununua kitu kwa kuwa bei yake inapanda na wengine wanaonekana kufaidika, hata kama mnunuzi hajakichunguza. Mitego hii hutofautiana kwa sura, lakini yote miwili humfanya mtu aingie sokoni kwa haraka, kwa kiasi kikubwa kuliko kawaida yake, na bila kujua atatokea wapi.

Kwa nini hasara humfanya mtu aongeze hatari

Waswahili wamesema tangu zamani kwamba hasira ni hasara. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelithibitisha jambo lililo karibu na hilo kwa majaribio. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha utafiti ambamo waliwapa watu chaguo hili: ama upoteze 3,000 kwa hakika, ama ucheze bahati ambayo ina uwezekano wa asilimia 80 wa kupoteza 4,000 na asilimia 20 wa kutopoteza chochote. Kwa hesabu, bahati hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa wastani wa hasara yake ni 3,200. Hata hivyo, asilimia 92 ya waliojibu waliichagua. Swali lilipogeuzwa likawa la faida badala ya hasara, wengi walichukua 3,000 ya hakika na kuiacha bahati.

Maana yake ni kwamba mtu aliye katika faida huwa mwangalifu, na mtu yule yule akiwa katika hasara huwa tayari kuhatarisha zaidi ili asikubali kwamba amepoteza. Mwelekeo huu haukomi kwa wageni wa soko. Joshua Coval na Tyler Shumway, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliwachunguza wafanyabiashara wa kulipwa katika soko la mikataba ya hatifungani la Chicago. Waliona kwamba wale waliopata hasara asubuhi walielekea kubeba hatari kubwa zaidi alasiri ya siku hiyo hiyo. Ikiwa watu walioifanya kazi hiyo kuwa taaluma yao hawakuepuka mtego huu, mwekezaji mdogo asitegemee kwamba nia njema peke yake itamwokoa.

Mfano wa alasiri moja

Tuchukue mfano wa kubuni wa mteja mwenye akaunti ya Dola 500 kwa dalali wa fedha za kigeni. Anafanya biashara ya Yuro dhidi ya Dola, ambayo kwenye skrini huandikwa EUR/USD. Katika biashara hii, badiliko la 0.0001 la bei huhesabiwa kuwa pointi moja. Kipimo cha kiasi ni loti: loti moja ni Yuro 100,000, na kila pointi ya loti moja ina thamani ya Dola 10. Kwa hiyo anayenunua loti 0.01 hupata au hupoteza senti 10 za Dola kwa kila pointi. Dalali humkopesha mteja sehemu kubwa ya fedha za biashara, na katika mfano wetu mteja anaruhusiwa kushika hadi mara 100 ya fedha zake.

Ni Ijumaa, siku ya kutangazwa kwa ripoti ya ajira ya Marekani. Ripoti hii kwa kawaida hutolewa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 9:30 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki katika miezi ambayo Marekani imesogeza saa mbele, na saa 10:30 katika miezi mingine. Dakika chache kabla ya tangazo, mteja wetu ananunua loti 0.02 kwa bei ya 1.1000, na anaweka oda ya kukomesha hasara kwenye 1.0950. Amehatarisha pointi 50, yaani Dola 10, ambazo ni asilimia 2 ya akaunti yake. Hadi hapa hajafanya kosa kubwa. Ripoti inatoka, bei inashuka, oda yake inatimizwa na akaunti inabaki na Dola 490.

Kinachofuata ndicho kinachoamua siku yake. Anaona bei ikiendelea kushuka na anajilaumu kwamba alichagua upande usiofaa. Kabla ya dakika tatu kupita, anauza loti 0.10 kwa bei ya 1.0945, na oda ya kukomesha hasara anaiweka 1.0985. Sasa kila pointi ina thamani ya Dola moja, mara tano ya biashara ya kwanza. Hajabadilisha kiasi kwa sababu ya hesabu yoyote. Amekibadilisha kwa kuwa Dola 10 zilizopotea zingerudi kwa pointi 10 tu. Bei inageuka, inapanda hadi 1.0985, na Dola 40 zinaondoka. Akaunti ina Dola 450.

Sasa bei inapanda na yeye hayumo. Hasira ya hasara mbili inaungana na hofu ya kupitwa. Ananunua loti 0.30 kwa bei ya 1.0990, na safari hii haweki oda ya kukomesha hasara, maana anaona kwamba oda hizo ndizo zilizomtoa sokoni mara mbili. Loti 0.30 ni Yuro 30,000, takriban Dola 33,000, na mtu anayezishika ana Dola 450 tu za kwake. Kila pointi sasa ni Dola 3. Bei inashuka tena hadi 1.0930. Anapokubali kufunga, pointi 60 zimemgharimu Dola 180, na akaunti imebaki na Dola 270.

Katika muda usiozidi saa moja amepoteza Dola 230, yaani asilimia 46 ya akaunti, na hapo tumeacha kando tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza ambayo dalali hutoza katika kila biashara. Hasara iliyotokana na soko, kwa maana ya uamuzi wa kwanza uliopangwa, ilikuwa Dola 10. Dola 220 zilizobaki zilitokana na namna alivyoipokea hasara hiyo.

Kuna hesabu nyingine inayofaa kuzingatiwa. Baada ya hasara ya kwanza, mteja alihitaji kupata faida ya asilimia 2 tu na zaidi kidogo ili arudi kwenye Dola 500. Akiwa na Dola 270, anahitaji asilimia 85. Hasara kubwa haifutwi na faida ya asilimia iliyo sawa nayo, na kadiri shimo linavyozidi kwenda chini ndivyo ngazi ya kutokea inavyokuwa ndefu zaidi. Hii ndiyo sababu kisasi dhidi ya soko hakilipiki: kila jaribio lililoshindwa hufanya jaribio linalofuata lionekane kuhitaji kiasi kikubwa zaidi.

Hofu ya kupitwa: yaliyotokea mwaka 2008

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom kwa Shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizotengwa kwa kiwango kikubwa, hata waombaji wengi wakapewa sehemu ndogo tu ya walichoomba. Benki zilitoa mikopo kwa ajili ya ununuzi huo, na watu wengi waliingia soko la hisa kwa mara ya kwanza maishani mwao. Hisa zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni, bei ilivuka Shilingi 7. Waliokuwa hawakupata hisa za kutosha wakaona wenzao wakihesabu faida, na wengine wakaamua kununua kwa bei hiyo mpya. Baada ya miezi michache bei ilikuwa imerudi chini ya Shilingi 5, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya Shilingi 3.

Mtu aliyenunua hisa 10,000 kwa Shilingi 7 alitoa Shilingi 70,000. Bei ilipofika Shilingi 3, hisa hizo zilikuwa na thamani ya Shilingi 30,000. Ikiwa fedha zilikuwa za mkopo, riba iliendelea kukua huku dhamana ikipungua, na muda wa kulipa ulipofika alilazimika kuuza kwa bei iliyokuwapo.

Kisa hiki kina fundisho ambalo mara nyingi husahaulika. Kampuni yenyewe haikuwa mbovu. Miaka ilipopita, hisa zake zilipanda, na mwaka 2021 bei yake ilivuka Shilingi 40. Aliyenunua kwa akiba yake mwenyewe na kuvumilia hakuangamia, hata kama alinunua kwa Shilingi 7. Aliyeumia ni yule aliyenunua kwa masharti asiyoweza kuyabeba: kwa mkopo wa muda mfupi, kwa kiasi kilichopita uwezo wake, na kwa matumaini ya kuuza baada ya wiki chache. Hofu ya kupitwa basi haimdhuru mtu kwa kumwelekeza kwenye kitu kibaya tu. Humdhuru hata kwenye kitu kizuri, kwa kumfanya asahau kuuliza kuhusu bei, fedha na muda.

Leo hofu hiyo huenezwa kwa njia ya haraka zaidi. Mtu huwekwa katika kundi la simu ambamo picha za faida hutumwa kila saa. Picha za hasara hazitumwi, na kwa hiyo msomaji huona washindi peke yao. Akifika mahali pa kuamini kwamba yeye ndiye pekee aliyebaki nje, fedha zake ziko mbali na dalali kwa dakika moja tu ya kubonyeza namba ya siri.

Kwa nini kanuni ziandikwe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilisemwa kuhusu duka, lakini inafaa vilevile hapa. Kanuni iliyomo kichwani hubadilika bila mwenyewe kujua. Mtu anayejiambia kwamba hatapoteza sana leo anaweza kuona Dola 20 kuwa nyingi asubuhi na Dola 100 kuwa kidogo jioni, na pasiwe na kitu cha kumwonyesha kwamba kipimo kimesogea.

Kanuni inayofanya kazi ina sehemu tatu: namba, tukio linaloianzisha, na kitendo kinachofuata. Sentensi isemayo kwamba nitakuwa mwangalifu baada ya hasara haina hata moja kati ya hizo. Sentensi isemayo kwamba nikipata hasara mbili kwa siku moja nitazima programu mpaka kesho yake saa 2:00 asubuhi ina zote tatu. Ya pili inaweza kukaguliwa na mtu mwingine, na jibu likawa ndiyo au hapana. Kanuni ambayo haiwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana itapata tafsiri mpya kila hasira inapopanda.

Jambo la pili ni kwamba mtekelezaji wa kanuni asiwe yule yule anayezuiwa nayo, kila inapowezekana. Benki ya Barings ya Uingereza, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 200, iliporomoka mwezi Februari 1995 baada ya mfanyabiashara wake wa Singapore, Nick Leeson, kuficha hasara katika akaunti namba 88888 huku akiongeza kiasi cha biashara ili azirudishe. Hasara ilifikia takriban Pauni milioni 827. Leeson alikuwa msimamizi wa biashara na vilevile wa ofisi ya kumbukumbu iliyopaswa kuikagua. Mwekezaji anayefanya biashara peke yake kwa simu yuko katika hali hiyo hiyo kwa kipimo kidogo: yeye ndiye mnunuzi, karani na mkaguzi.

Ukurasa wa kanuni

Kanuni zifuatazo zimeandikwa kwa akaunti ya mfano wetu, yenye Dola 500. Kila mtu aweke namba zinazolingana na hali yake, lakini asiache namba yoyote wazi.

1. Fedha za biashara. Fedha zote ninazoweza kuweka kwa dalali mwaka huu ni Dola 500. Fedha hizi si za kodi ya nyumba, karo, matibabu wala mkopo. Zikiisha, sitaongeza mpaka mwaka uishe.

2. Hatari ya biashara moja. Sitahatarisha zaidi ya asilimia 2 ya salio katika biashara moja. Kiasi cha loti nitakipata kwa hesabu hii kabla ya kugusa skrini:

loti = hatari kwa Dola ÷ (pointi za kukomesha hasara × 10)

Kwa hatari ya Dola 10 na pointi 50, jibu ni 10 ÷ 500, yaani loti 0.02. Kanuni hii ndiyo inayouvunja mguu wa kisasi, kwa kuwa salio likipungua, kiasi kinachoruhusiwa nacho hupungua.

3. Oda ya kukomesha hasara. Kila biashara itafunguliwa ikiwa na oda hiyo tayari. Naweza kuisogeza kupunguza hasara, lakini sitaisogeza mbali wala kuiondoa.

4. Mwisho wa siku. Nikipata hasara mbili, au nikipoteza asilimia 4 ya salio la asubuhi, nitafunga programu mpaka siku ya biashara inayofuata. Kati ya hasara ya kwanza na biashara inayofuata zitapita dakika 60.

5. Bei iliyokwisha kukimbia. Nitaandika bei ninayotaka kuingia kabla haijafika. Ikiwa imeipita kwa zaidi ya pointi 15, sitaifuata, hata ikiendelea kukimbia. Jambo lolote nililolisikia kwenye kundi la simu au kwa rafiki litasubiri saa 24.

6. Kuweka fedha. Sitaweka fedha kwa dalali katika siku niliyopata hasara.

7. Kubadilisha kanuni. Naweza kubadilisha kanuni hizi Jumamosi tu, soko likiwa limefungwa, na badiliko litaanza kufuatwa baada ya siku saba.

Kanuni ya saba inaonekana kama ya utaratibu tu, lakini ndiyo inayozilinda sita zilizotangulia. Mtu aliye katika hasira mara chache huvunja kanuni akijua kwamba anaivunja. Zaidi huirekebisha, kwa sababu inayoonekana ya busara wakati ule: soko la leo ni la pekee, au nafasi hii haitarudi. Siku saba hazimnyimi mtu haki ya kubadili mawazo. Zinahakikisha tu kwamba anayebadili si yule aliyekuwa akipoteza fedha dakika tano zilizopita.

Ukurasa utiwe sahihi na tarehe, na nakala yake apewe mtu mmoja anayeaminika, kwa mfano mume, mke, ndugu au mwenza wa biashara. Kazi ya mtu huyo si kushauri kuhusu bei. Kazi yake ni kuonyeshwa orodha ya biashara za wiki kila Jumamosi na kuuliza kama kila kanuni ilifuatwa. Aidha, muulize dalali wako kama mfumo wake unaruhusu mteja kupunguza mara za mkopo anazoruhusiwa, au kujifungia akaunti kwa muda. Kizuizi kilichowekwa katika mfumo wakati wa utulivu hakihitaji ushujaa wakati wa joto.

Alasiri ile ile chini ya kanuni

Turudi kwa mteja wetu. Hasara ya kwanza inakuja vilevile, kwa kuwa kanuni haziwezi kuizuia: Dola 10 zinaondoka na salio ni Dola 490. Bei inashuka, kisha inapanda, lakini dakika 60 hazijapita na yeye hana biashara. Baada ya saa moja anaona nafasi aliyokuwa ameiandika mapema. Hatari inayoruhusiwa sasa ni Dola 9.80. Kwa oda iliyo umbali wa pointi 40, loti 0.02 itahatarisha Dola 8. Anaingia, na tuseme anapoteza tena. Salio ni Dola 482, hasara mbili zimetimia, na anafunga programu.

Siku hii nayo ni mbaya. Amekosea mara mbili na hakupata faida hata senti moja. Hata hivyo amepoteza asilimia 3.6 tu badala ya 46, na anahitaji chini ya asilimia 4 ili arudi alipoanza. Hata angepoteza mara kumi mfululizo kwa asilimia 2 ya salio kila mara, angebaki na takriban Dola 409. Mteja asiye na kanuni alifika Dola 270 kwa biashara tatu.

Namna ya kujikagua

Mtu aliyenaswa katika mtego mara nyingi hajioni. Huamini kwamba kila biashara ilikuwa na sababu yake. Kwa bahati nzuri, akaunti yenyewe huweka kumbukumbu, na karibu kila mfumo wa biashara una ukurasa wa historia unaoonyesha saa ya kufungua, saa ya kufunga, kiasi cha loti na matokeo. Chukua biashara zako 30 za mwisho na uangalie mambo matatu.

La kwanza ni muda. Hesabu dakika zilizopita kati ya kufungwa kwa kila biashara ya hasara na kufunguliwa kwa inayofuata. Fanya hivyo pia kwa biashara za faida. Ikiwa baada ya faida hupumzika saa kadhaa na baada ya hasara hurudi ndani ya dakika chache, hasira ndiyo inayobonyeza kitufe.

La pili ni kiasi. Linganisha loti za biashara zilizofuata hasara na zile zilizofuata faida. Kanuni ya asilimia 2 ingezifanya za kwanza ziwe ndogo kidogo. Zikiwa kubwa mara mbili au tatu, kisasi kimeshaanza.

La tatu ni sababu. Katika daftari, kando ya kila biashara, andika sentensi moja ya sababu kabla ya kuingia, si baada ya kutoka. Sentensi inayotaja bei na mahali pa kutokea ni mpango. Sentensi inayosema kwamba inapanda sana, au kwamba lazima irudi, ni dalili ya mtego. Na penye nafasi tupu, penye biashara iliyofunguliwa bila sentensi, mara nyingi ndipo penye hasara kubwa.

Mipaka ya kanuni

Ni wajibu wetu kusema pia yale ambayo kanuni haziwezi kufanya. Haziigeuzi njia mbovu ya biashara kuwa njia ya faida. Mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko ya dhamana ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya tofauti ya bei hupoteza fedha, na ikapunguza mara za mkopo kwa wateja hao hadi 30 kwa jozi kubwa za sarafu. Mtu mwenye nidhamu kamili bado anaweza kuwa miongoni mwa wanaopoteza. Kanuni humwezesha kupoteza polepole, kwa kiasi anachokijua, ili aweze kuona mapema kwamba njia yake haifai na kuacha akiwa bado na fedha.

Oda ya kukomesha hasara nayo ina mpaka. Wakati wa matangazo makubwa, au soko linapofunguliwa baada ya mwisho wa wiki, bei inaweza kuruka bila kupita kwenye kiwango ulichoweka, na oda ikatimizwa kwa bei mbaya zaidi. Hatari ya Dola 10 inaweza kuwa Dola 15. Hii ni sababu nyingine ya kuweka kiasi kidogo, na ya kutofungua biashara mpya dakika chache kabla ya tangazo kama mteja wa mfano wetu alivyofanya.

Tena, kanuni hizi hazimlindi mtu dhidi ya utapeli. Nchini Kenya, madalali wa fedha za kigeni wa mtandaoni husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji chini ya kanuni za mwaka 2017, na orodha ya wenye leseni hutolewa kwa umma. Thibitisha jina la dalali katika orodha hiyo kabla ya kuweka fedha. Anayekuhimiza uweke fedha zaidi leo hii ili uokoe zile zilizopotea anatumia mtego wa kisasi kwa faida yake.

Mwisho, zipo dalili zinazoonyesha kwamba jambo limepita uwezo wa ukurasa wa karatasi: kukopa ili kurudisha hasara, kuficha taarifa za akaunti kwa watu wa nyumbani, kutumia fedha za karo au chakula, au kuvunja kanuni ya mwisho wa siku wiki tatu mfululizo. Anayeziona kwake afunge biashara zilizo wazi, atoe salio lililobaki kwa dalali, na azungumze na mtu anayemwamini au mshauri wa afya ya akili. Aanze kwa kumweleza mtu huyo kiasi halisi kilichopotea, kwa namba, kama kinavyosomeka katika ukurasa wa historia.